Video ya Kupandisha Bei ya Maandazi

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano na mafuta ya alizeti duniani. Miezi miwili baadaye Indonesia, inayoongoza kwa mafuta ya mawese, ikazuia kuyauza nje kwa wiki kadhaa. Mpishi wa maandazi wa Temeke hakuhitaji redio kumweleza. Aliyaona mabadiliko hayo kwenye dumu la mafuta.

Mpishi wa namna hiyo anapotaka kupandisha bei, siku hizi hujirekodi kwa simu na kuiweka video kwenye stetasi ya WhatsApp. Nyingi ya video hizo husema tu kwamba vitu vimepanda, mtuvumilie. Naona ni bora kuliko kimya, lakini hazitoshi. Mteja anaijua bei ya mafuta kwa sababu naye anapika kwake. Asichokijua ni hesabu ya andazi moja, na hiyo ndiyo inayostahili kuonyeshwa.

Tuipige kwa mfano. Kilo moja ya unga itoe maandazi 30. Zamani unga ulikuwa shilingi 1,500, mafuta yanayonywewa na maandazi hayo, kama robo lita, 1,000, na sukari, nazi, hamira, iliki na mkaa kwa pamoja 1,700. Jumla ni 4,200, yaani shilingi 140 kwa andazi. Akiuza 200, anabaki na 60, na humo ndimo inamotoka kodi ya chumba na ada ya mtoto. Sasa unga umefika 2,100 na robo lita ya mafuta 2,000. Jumla inakuwa 5,800, karibu shilingi 193 kwa andazi. Kwa bei ileile ya 200 anabakiwa na shilingi saba.

Gharama ya andazi imeongezeka kwa shilingi 53. Akipandisha bei hadi 250, ameongeza 50, na tatu amezibeba mwenyewe. Hilo analiweza kulisema mbele ya kamera bila kuona haya: ashike dumu, aonyeshe risiti ya zamani na ya sasa, ataje 140 na 193, kisha aseme, "Wateja wangu, kuanzia Jumatatu ijayo andazi ni 250, mawili kwa 500. Ukubwa ni uleule." Dakika moja inatosha. Na hayo mawili kwa 500 yana kazi, maana chenji ya hamsini inasumbua asubuhi.

Angeruka hadi 300 kwa maelezo hayohayo, hesabu yake ingemsuta, kwa kuwa faida ingepanda kutoka 60 hadi 107. Watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1986. Waliwauliza watu kuhusu duka linalopandisha bei ya sepetu za theluji kutoka dola 15 hadi 20 asubuhi baada ya dhoruba, na asilimia 82 wakasema si haki. Lakini mfanyabiashara anayepandisha bei kwa kuwa gharama zake zimepanda, wengi walimwona ana haki ya kuilinda faida aliyoizoea. Mteja wa Temeke anapima vivyo hivyo, ndiyo maana ule ukubwa uleule unapaswa kuwa kweli. Andazi likisinyaa kimyakimya baada ya video, anayelinunua kila siku ataligundua kwa mkono kabla hajalionja.

Kuna wateja ambao video haiwafai kama habari ya kwanza. Ni wenye vibanda vya chai, wanaochukua maandazi 50 kwa jumla na kuyauza tena. Nao wana bei zao za kurekebisha, na wakikuta tangazo kwenye stetasi pamoja na watu wote, wateja wao watawauliza kabla hawajajipanga. Hao wapigiwe simu siku mbili tatu mapema. Aliyekwisha kulipia oda ya shughuli naye apewe kwa bei ya zamani, na hilo litajwe kwenye video ili asiwe na wasiwasi.

Sehemu ngumu huja baadaye. Aliyetaja mafuta kuwa sababu atakumbushwa siku yakishuka: "Dada, mafuta si yameshuka?" Ndiyo maana asiahidi kurudi kwenye 200. Unga unaweza kubaki juu hata mafuta yakishuka, na ahadi hiyo itamfunga. Aahidi anachokiweza, kwamba baada ya miezi mitatu atapiga hesabu tena na kuwaonyesha. Katika mfano wetu, robo lita ikirudi 1,000 huku unga ukibaki 2,100, andazi litamgharimu 160. Hapo anaweza kuuza matano kwa 1,100, yaani 220 kila moja, na 60 yake ikarudi kamili. Siku hiyo arekodi video ya pili.