Kuhakiki bili ya maji kutoka kwenye picha

Bili ya maji huwa na tarakimu nyingi, lakini nne ndizo zinazobeba hesabu yote: usomaji wa mita uliopita, usomaji wa sasa na tarehe mbili za kusomwa kwake. Bili inapofika kwa simu ikiwa imepigwa picha, hizo ndizo za kutazamwa kwanza, kwa sababu picha iliyopinda au yenye mng'ao hugeuza 1 ikaonekana 7, na 3 ikaonekana 8. Ukingo wa kulia nao ukikatwa, senti au hata tarakimu nzima hupotea.

Bei ya maji katika miji mingi ya Afrika Mashariki hupanda kwa ngazi. Yuniti moja ni lita 1,000, na yuniti za mwanzo za mwezi huuzwa kwa bei nafuu kuliko zinazofuata. Kenya bei hizo huidhinishwa na WASREB, Tanzania na EWURA, na kila mamlaka ya maji ina jedwali lake. Kwa mfano huu jedwali na lichukuliwe kuwa hivi: yuniti 6 za kwanza Sh 40 kila moja, 14 zinazofuata Sh 60, na kuanzia ya 21 hadi ya 50 Sh 75. Maji taka hutozwa asilimia 75 ya gharama ya maji, na kodi ya mita ni Sh 50 kwa mwezi.

Katika picha, usomaji uliopita ni 1284. Wa sasa ni 132 na tarakimu ya mwisho yenye ukungu: huenda ni 1, huenda ni 7. Gharama ya maji inasomeka wazi, Sh 2,805. Ikiwa ni 1321, matumizi ni yuniti 37: 6 kwa 40 ni 240, 14 kwa 60 ni 840, na 17 zilizobaki kwa 75 ni 1,275. Jumla ni 2,355, isiyolingana na bili. Ikiwa ni 1327, yuniti ni 43. Ngazi ya tatu inakuwa na yuniti 23, yaani 1,725, na jumla inatimia 2,805. Tarakimu iliyofichwa na ukungu ni 7. Maji taka yanakuwa 2,103.75, na pamoja na kodi ya mita jumla ni Sh 4,958.75.

Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha yuniti zote kwa bei ya ngazi ya juu. 43 mara 75 ni 3,225, ziada ya Sh 420 juu ya gharama halisi. Hiyo 420 inafaa kukumbukwa: ndiyo nafuu ambayo ngazi mbili za chini humpa mteja kila mwezi. Kwa hiyo yeyote aliyefika ngazi ya tatu anaweza kuhakiki kwa mstari mmoja tu: yuniti mara 75, toa 420.

Nafuu hiyo hutolewa kwa mwezi, na hapo ndipo tarehe zinapokuwa na uzito. Bili hii ilisomwa tarehe 3 Machi na tena tarehe 3 Mei, siku 61. Hesabu ya kuzidisha na kujumlisha haina kosa hata moja, lakini miezi miwili imetozwa kana kwamba ni mmoja, na nafuu ya mwezi wa pili imepotea. Yuniti 43 zikigawanywa sawa, kila mwezi unapata 21.5 na gharama ya Sh 1,192.50, miezi yote miwili ni 2,385, pungufu ya 2,805 kwa Sh 420 zilezile. Maji taka nayo yanapungua kwa 315. Kodi ya mita inapaswa kuwa 100 badala ya 50, hivyo mteja ametozwa zaidi kwa Sh 685.

Hesabu hii haiwezi kuonyesha kama msomaji alifika kwenye mita kweli au alikisia. Hilo hujulikana kwa kutazama mita yenyewe: katika mita nyingi tarakimu nyeusi ndizo yuniti kamili, na nyekundu ni sehemu za yuniti zisizotozwa. Mita ikionyesha namba ndogo kuliko "usomaji wa sasa" wa bili, usomaji huo si sahihi.

Tofauti ya senti chache hutokana na kukadiria desimali na haifai kulalamikiwa. Deni la nyuma pia litenganishwe kabla ya kulinganisha jumla. Tofauti kubwa ipelekwe ofisini pamoja na picha ya bili, picha ya mita yenye tarehe, na hesabu iliyoandikwa ngazi kwa ngazi, ili ofisa aweze kuonyeshwa mstari uliokosewa.