Mtihani wa Historia Ukiwa Mgumu Kuliko Ilivyotarajiwa: Mpaka wa Ufaulu Hupangwaje?

Kila baada ya mtihani wa utamilifu wa Kidato cha Nne, wazazi wa Kata ya Kijenge huuliza swali lilelile. Mtoto aliyekuwa akipata alama 50 katika Historia tangu Kidato cha Tatu amerudi nyumbani na alama 31. Wenzake wengi nao wameshuka vivyo hivyo, na mwalimu mwenyewe anakiri kuwa karatasi ilikuwa ngumu. Je, alama hizo zisomwe kama zilivyo, au kuna njia ya haki ya kuzingatia ugumu huo?

Swali hili lina historia yake nchini. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 yalitangazwa tarehe 18 Februari 2013, na watahiniwa 240,903 wakapata Daraja Sifuri. Waliofaulu walikuwa asilimia 34.5 tu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome ili kutafuta sababu. Mwezi Mei mwaka huohuo, Serikali ililiarifu Bunge kupitia kwa Waziri William Lukuvi kuwa matokeo hayo yamefutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Hakuna mtahiniwa aliyerudia mtihani, wala swali lililotungwa upya. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Hata hivyo, matokeo mapya yalipotoka mwishoni mwa Mei, ufaulu ulikuwa asilimia 43.08.

Kilichobadilika ni namna ya kugeuza alama kuwa gredi. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitumia mipaka isiyobadilika kwa masomo yote: gredi D ilianzia alama 35, na aliyepata 34 alikuwa na F, somo liwe Historia au Hisabati. Kabla ya hapo, mipaka ilikuwa ikipangwa kwa kila somo na kwa kila mwaka baada ya wataalamu kutazama jinsi watahiniwa walivyofanya, na alama za maendeleo ya shuleni ziliwianishwa na za mtihani. Kila utaratibu una sababu yake. Mpaka usiobadilika hueleweka kwa urahisi, na mzazi anaweza kuukariri. Lakini unachukulia kwamba karatasi ya mwaka huu ina uzito sawasawa na ya mwaka jana, jambo ambalo hakuna mtunga mitihani awezaye kuliahidi. Mpaka unaohama hurekebisha ugumu, lakini ukihamishwa bila ushahidi huficha udhaifu wa kweli. Tume iliona kwamba utaratibu mpya ulianzishwa bila maandalizi ya kutosha.

Baada ya hapo mipaka ilibadilishwa zaidi ya mara moja. Hivi sasa, katika Kidato cha Nne, A huanzia alama 75, B 65, C 45 na D 30. Chini ya 30 ni F. Hii ndiyo mizani ambayo shule hutumia pia katika mitihani yake ya ndani na ya utamilifu, na ndiyo itakayotumika katika mfano ulio hapa chini. Mfano huo umetungwa kwa ajili ya maelezo tu. Hauhusu shule yoyote.

Tuseme shule kadhaa za jirani zimefanya mtihani wa pamoja wa Historia wenye alama 100: sehemu A ya maswali ya kuchagua na kuoanisha ina alama 16, sehemu B ya majibu mafupi ina maswali sita ya alama 9 kila moja, na sehemu C ya insha ina alama 30. Alama zinaporudi ziko chini sana. Kazi ya kwanza ya walimu wa somo si kuhamisha mpaka. Ni kuuliza ni nani aliyeshuka: karatasi au wanafunzi?

Njia rahisi ya kupata jibu ni kuwatazama watoto walewale katika masomo ya jirani. Wachukuliwe wale waliopata kati ya 28 na 32 katika Jiografia na Uraia, yaani wale wanaosimama kwenye kizingiti cha kufaulu, kisha zitazamwe alama zao za Historia. Ikiwa nazo ziko karibu na 30, karatasi haina tatizo la pekee. Ikiwa zimekusanyika kwenye 24, kuna jambo katika karatasi yenyewe, au katika ufundishaji wa Historia, au katika usahihishaji. Na ikiwa masomo yote matatu yameshuka pamoja, lawama haiwezi kuwekwa kwenye karatasi moja. Mwaka 2012 ulikuwa wa namna hiyo: anguko lilikuwa katika masomo mengi, na ndiyo maana hata baada ya kupanga upya, zaidi ya nusu ya watahiniwa walibaki bila kufaulu.

Hatua ya pili ni kushuka hadi kwenye swali mojamoja. Wanafunzi hupangwa kwa jumla ya alama zao, kisha theluthi ya juu hulinganishwa na theluthi ya chini. Swali likiwa gumu lakini zuri, wa juu watalipata kwa kiasi na wa chini watalikosa. Swali likiwa bovu, wa juu nao watalikosa kwa kiwango kilekile, au watajibu kitu kingine kabisa kwa sababu maelekezo yana maana mbili. Katika Historia kosa hili hujitokeza mara nyingi katika kitenzi cha swali: mtunzi amekusudia mwanafunzi apime athari za Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, lakini maneno yake yanasomeka kama ombi la kueleza sababu zake. Mwongozo wa usahihishaji ukiwa na jibu moja tu, mtoto aliyeandika sababu sita zilizo sahihi anapata sifuri.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu dawa zake ni mbili. Swali bovu huondolewa, au mwongozo wake hupanuliwa na karatasi zikasahihishwa upya kwa swali hilo. Likiondolewa, mtihani unabaki na alama 91, nazo hupandishwa kwa uwiano hadi 100. Hata hapo haki haikamiliki, kwa maana yupo mwanafunzi aliyetumia dakika 25 kulihangaikia swali hilo na kukosa muda wa insha. Hesabu haiwezi kumrudishia dakika zake. Swali gumu lakini zuri, kwa upande mwingine, halipaswi kuguswa. Hilo hushughulikiwa kwa mpaka.

Mpaka hupangwaje basi? Walimu, tuseme saba, huketi na karatasi bila kutazama majina. Kila mmoja humfikiria mwanafunzi anayestahili kufaulu kwa shida, wala si mwanafunzi wa wastani, na kukadiria angepata alama ngapi katika kila swali. Wastani wa makadirio yao ndio mpaka unaopendekezwa. Katika mfano wetu, kabla ya mtihani walikadiria alama 7 kwa sehemu A, 17 kwa sehemu B na 6 kwa sehemu C: jumla 30, sawasawa na mizani ya kawaida. Baada ya kuona majibu, wanakiri kuwa maswali mawili ya sehemu B ambayo walidhani yangempa mwanafunzi huyo alama 3 kila moja yasingempa zaidi ya 1, swali la tatu limepungua kutoka 3 hadi 2, na insha zimepungua kwa alama 1. Jumla mpya ni 24. Inapolingana na kile kilichoonekana kwa watoto wa kizingiti katika Jiografia na Uraia, mpaka huo una miguu miwili ya kusimamia. Kama makadirio yangesema 24 na ulinganisho ukasema 29, walimu wangepaswa kurudi mezani.

Kwa njia hiyohiyo wanapata 38 kwa gredi C, 59 kwa B na 71 kwa A. Ionekane kuwa pengo halilingani, na kuanzia C linapungua kadiri alama zinavyopanda: 6 kwa D, 7 kwa C, 6 kwa B, 4 kwa A. Ndiyo sababu haishauriwi kumwongezea kila mtoto alama 6 na kumaliza. Maswali magumu hayakumwumiza mwanafunzi hodari kama yalivyomwumiza wa katikati, na nyongeza ya sawasawa humpa wa juu zawadi asiyoistahili.

Sasa alama hugeuzwa. Aliyepata 24 anaandikiwa 30, aliyepata 38 anaandikiwa 45, na walio katikati wanagawiwa kwa uwiano. Msichana mwenye 26 yuko hatua 2 juu ya mpaka katika nafasi ya hatua 14 inayotandazwa kuwa 15. Anapata 32, yaani D. Mwenye 22 anapata takribani 27, naye anabaki na F. Mtoto wa mwanzo, mwenye 31, anakuwa na 37: gredi yake haikubadilika, ilikuwa D na ni D.

Kwa nini alama hizo chache ziwe na uzito? Daraja hukokotolewa kwa masomo saba bora, ambapo A ni pointi 1 na F ni pointi 5, na Daraja la Nne huishia pointi 33. Tuseme yule msichana mwenye 26 ana D moja tu kwingine. Historia ikiwa F, ana pointi 34, yaani Daraja Sifuri. Ikiwa D, ana 33 na Daraja la Nne. Juu zaidi, mwanafunzi mwenye alama 40 anatoka D kwenda C, na C tatu ndizo zinazohitajika ili kufikiriwa kuingia Kidato cha Tano. Kwa mwenye kutaka tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiswahili, mpaka wa C ndio lango.

Mtihani wa utamilifu hautoi cheti, na marekebisho yake hayamfikishi mtoto popote Novemba. Kwa hiyo mzazi anayepokea ripoti ana haki ya kuomba aone alama mbili zikiwa zimeandikwa kando kwa kando: ile iliyopatikana kwenye karatasi, na ile iliyorekebishwa. Shule ikiandika ya pili pekee, hataweza kujua ni maswali yapi mtoto wake aliyakosa kwa kweli. Baada ya mtihani wa taifa, Baraza huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, ukionyesha ni asilimia ngapi ya watahiniwa walipata asilimia 30 na zaidi ya alama za swali hilo. Vijitabu hivyo vinaweza kuombwa kwa mwalimu wa somo, na ule wa Historia ni wa kusomwa kabla mtoto hajaanza marudio.