Git Inapofuta Kazi ya Mkono

Tuchukue duka la mtandaoni linaloendeshwa kwenye Kubernetes, mfumo unaogawa kazi za programu kwa kundi la seva. Programu yake ya malipo ina nakala tatu. Mwisho wa mwezi wateja wanafurika usiku, na fundi wa zamu anaongeza nakala kwa amri moja:

```
kubectl scale deployment malipo --replicas=6
```

Nakala zinafika sita, kisha baada ya sekunde chache zinarudi tatu. Anarudia amri, na zinarudi vilevile.

Anayezirudisha ni Argo CD, programu inayokaa ndani ya Kubernetes na kulinganisha hali halisi na mafaili yaliyohifadhiwa kwenye Git. Utaratibu huu unaitwa GitOps, jina lililotolewa mwaka 2017 na Alexis Richardson wa kampuni ya Weaveworks. Faili likisema nakala ni tatu, basi tatu ndiyo idadi halali. Kwa kawaida Argo CD ikiona tofauti huandika `OutOfSync` kwenye skrini na kuishia hapo. Hurekebisha yenyewe pale tu timu inapowasha kipengele cha `selfHeal`, na hapa kimewashwa.

Njia ya fundi wetu ni kubadili namba ndani ya faili, mwenzake aikague, kisha mabadiliko yaingie kwenye Git. Argo CD huichungulia Git kila baada ya dakika tatu hivi, au mara moja ikiwa Git imepangwa kuiarifu. Kwa mtu aliyezidiwa usiku, dakika hizo ni nyingi, lakini naona zina thamani: asubuhi kila mtu atajua nani alibadili nini, na `git revert` itarudisha hali ya awali.

Ugumu wa kweli huanza timu inapoongeza HorizontalPodAutoscaler, inayopandisha na kushusha nakala kulingana na mzigo, tuseme kati ya 3 na 10. Sasa wawili wanaandika namba ileile. Hii inapandisha hadi saba, Argo CD inashusha hadi tatu, na mvutano hauishi. Utautambua hali ikibadilika kila mara kati ya `Synced` na `OutOfSync`, huku nakala zikizaliwa na kufa bila kosa lolote kwenye programu.

Dawa ni kuuondoa mstari wa `replicas` kwenye faili, ila usiufute kwa haraka. Kubernetes inakumbuka kwamba uliuweka. Ukiutoa ghafla, idadi inaweza kushuka hadi moja, wateja wakiwa wamejaa. Zima kwanza usawazishaji wa moja kwa moja, kisha ufute mstari huo kwenye kumbukumbu hiyo:

```
kubectl apply edit-last-applied deployment/malipo
```

Baada ya hapo uondoe kwenye Git, kisha uwashe usawazishaji tena. Mipaka ya 3 na 10 nayo iandikwe kwenye Git, ili idadi ya saa hii iamuliwe na mzigo, na ukomo wake uamuliwe na timu.