Kwa Nini Uitume Tena Barua Pepe Yako

Seva ya barua pepe ikizimika kabisa, kwa kawaida hakuna kinachopotea: seva ya mtumaji huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, mara nyingi kwa siku 4 au 5. Hasara huja seva inapokuwa nusu hai. Ikijibu 550, yaani imekataa katakata, barua humrudia mtumaji. Mbaya zaidi ni 250, yaani imepokea, halafu diski ikaharibika. Mtumaji haambiwi lolote. Kwa hiyo tangazo lisilotaja saa linamwonea mteja. Liseme wazi: “Uliyetuandikia Jumanne kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, tafadhali tuma tena, hata kama hukurudishiwa chochote.”