Hija Huhesabiwa Kuanzia Arafa Kurudi Nyuma

Mhasibu wa kampuni moja Tanga ananuia kwenda Hija. Tuseme kikundi cha mahujaji kimemtajia shilingi milioni 18, naye aanze kuweka 500,000 kila mwezi tangu Juni 2025. Kwa hesabu ya haraka, miezi 36 inamtosha, na Juni 2028 atakuwa tayari.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kisimamo cha Arafa ni tarehe 9 ya Mfunguo Tatu, na mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11. Arafa ya 2025 ilikuwa 5 Juni. Ya 2028 inatarajiwa mwanzoni mwa Mei. Vikundi navyo hufunga malipo miezi kadhaa kabla. Kikundi chake kikifunga mwisho wa Desemba 2027, atakuwa ameweka kwa miezi 31 tu, jumla milioni 15.5. Ili asipungukiwe, alipaswa kuweka kama 581,000 tangu mwezi wa kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza kukiuliza kikundi ni tarehe ya mwisho ya kulipa; bei ifuate.

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai, na jina lake lifanane herufi kwa herufi na la kwenye fomu. Kibali cha Hija nacho hakina mbadala. Katika joto kali la 2024 walifariki mahujaji zaidi ya 1,300, na serikali ya Saudia ilisema wengi wao hawakuwa na kibali. Asiye nacho hukosa hema lenye kiyoyozi na basi, akatembea juani maili nyingi.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, aina ya ACWY, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Kinga si ya maisha: kwa aina moja cheti hudumu miaka 3, kwa nyingine 5. Kabla ya kuondoka kituoni, mhasibu wetu aisome kadi: jina, tarehe, aina ya chanjo, muhuri.

Kazini, sheria ya Tanzania inampa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Aiombe mapema, asiivunjevunje kwa harusi na misiba, na abakishe siku chache za kupumzika, maana mahujaji wengi hurudi wakikohoa.

Mzigo ni jambo dogo, ila kwa kitu kimoja. Aulize kikundi kinaanzia Madina au Makka. Kikienda Makka moja kwa moja kupitia Jidda, ndege huvuka mikati kabla ya kutua, na hapo anatakiwa awe ameshahirimia. Shuka zake mbili nyeupe, pamoja na sabuni isiyo na manukato, zikae kwenye begi la mkononi. Zikiwa kwenye sanduku lililoingizwa tumboni mwa ndege, hana namna ya kuzifikia.