Kwa nini tiba ya mionzi hutolewa kidogo kidogo kwa wiki tano

Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akipewa rufaa kutoka Nyamuswa kwenda Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, mara nyingi huambiwa kwamba mionzi ya nje itachukua takribani wiki tano. Atachomwa siku tano kwa wiki, dakika chache kila siku. Familia nyingi huuliza: kwa nini wasimpe yote siku moja arudi nyumbani? Jibu liko ndani ya seli za mwili wake.

Mionzi inakata nini?

Kila seli ina DNA, yaani maelekezo yanayoiongoza kufanya kazi na kugawanyika. Ifikirie kama kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Mionzi huiharibu kamba hiyo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja: nguvu ya mionzi inaangukia kwenye DNA yenyewe na kuikata.

Njia ya pili hupitia kwenye maji. Sehemu kubwa ya seli ni maji, kwa hiyo mionzi hukutana na maji mara nyingi kuliko DNA. Inapoyapiga, huyavunja na kutoa vipande vikali vinavyoitwa radikali huru. Kipande cha namna hiyo kimepungukiwa, hivyo hunyang'anya chochote kilicho jirani. Kikiwa karibu na DNA, huiharibu. Kwa mionzi ya aina hii, karibu theluthi mbili ya madhara hutokea kwa njia ya maji.

Radikali hizo huisha kufumba na kufumbua. Mama aliyetoka kwenye mashine ya mionzi ya nje pia habaki na mionzi mwilini. Anaweza kumbeba mtoto, kulala naye na kula naye sahani moja.

Seli hujitengenezaje?

Kipimo cha siku moja, takribani grei 2, huacha ndani ya kila seli iliyolengwa mikato kama 2,000 ya uzi mmoja, na kati ya 60 na 80 ya nyuzi zote mbili.

Mkato wa uzi mmoja si tatizo kubwa. Seli huondoa sehemu iliyoharibika, hutazama uzi wa pili ambao bado ni mzima, hujaza pengo kwa kuufuata, kisha huunganisha.

Nyuzi zote mbili zikikatika ndipo kazi huwa ngumu, kwa sababu hakuna uzi mzima wa kufuata. Seli inaweza kushika ncha mbili na kuziunga haraka, lakini herufi chache za maelekezo zinaweza kupotea. Kama ilikuwa imeshanakili DNA yake ili igawanyike, inaweza kufuata nakala hiyo na kurekebisha vizuri zaidi. Ikishindwa kabisa, hufa, mara nyingi inapojaribu kugawanyika.

Matengenezo mengi hukamilika ndani ya saa chache. Kwa hiyo kufikia kesho yake seli nzima za kibofu na utumbo zimejirekebisha kwa sehemu kubwa. Seli nyingi za saratani hujirekebisha vibaya, na zinagawanyika zikiwa bado na mikato. Kila siku tofauti hiyo huongezeka. Dozi yote ikitolewa kwa mara moja, seli nzima nazo zingekufa.

Kukatisha tiba kuna hatari gani?

Tuseme mama amemaliza siku 12 kati ya 25, kisha anarudi nyumbani wiki mbili kwa ajili ya msiba au kuvuna. Seli za saratani zilizobaki hutumia wiki hizo kuongezeka. Siku zilizobaki zitakuta kazi kubwa kuliko ilivyopangwa. Madaktari hulenga tiba nzima, pamoja na mionzi ya ndani inayofuata, imalizike ndani ya wiki nane. Ikibidi kukosa siku hata moja, waambieni wahudumu mapema ili wapange jinsi ya kuifidia.

Damu nayo inahusika

Oksijeni ikiwepo, hushikamana na pale radikali ilipoharibu DNA na kufanya uharibifu uwe mgumu kurekebishwa. Uvimbe wenye oksijeni kidogo hustahimili mionzi zaidi. Mama anayetokwa damu nyingi ukeni hupungukiwa damu, na oksijeni inayofika kwenye uvimbe hupungua. Hiyo ndiyo sababu moja ya kupima wingi wa damu kabla na wakati wa tiba. Ukiona viganja vyake vimepauka, anapata kizunguzungu au anahema akitembea kidogo, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo.

Tahadhari pia na vidonge vya vitamini vya dozi kubwa au dawa za mitishamba za "kusafisha mwili". Baadhi huzima radikali huru, na wakati huu radikali hizo ndizo zinazofanya kazi ndani ya uvimbe. Mchicha, dagaa, maharage na matunda ya kawaida ale bila wasiwasi. Vidonge, muulize daktari kwanza.

Akiharisha au akisikia maumivu anapokojoa, ni kwa sababu seli nzima zilizo karibu nazo zimeguswa. Mara nyingi hali hiyo hupungua wiki chache baada ya tiba kumalizika. Asiache matibabu kwa sababu hiyo. Aseme, apewe dawa.