Kwa Nini Tovuti Haionekani, au Huonyesha Habari za Zamani

Ichukuliwe kwamba shule moja ya sekondari ya bweni imefungua tovuti yake. Anwani ikiandikwa kamili katika kivinjari, kurasa zote hufunguka: orodha ya vifaa, ada, na tarehe ya kuripoti kwa wanafunzi wapya. Lakini mzazi aliye mbali, asiyeijua anwani hiyo, huandika jina la shule katika Google na asiione tovuti. Baada ya wiki kadhaa tatizo hilo laondolewa, na mara lazuka jingine. Tarehe ya kuripoti imesogezwa kutoka Julai 8 hadi Julai 15, lakini baadhi ya wazazi wangali wanaiona Julai 8. Mtoto asafirishwa kutwa nzima kwa basi, naye afika na kulikuta lango limefungwa.

Matatizo haya mawili hudhaniwa kuwa ni moja, kumbe vyanzo vyake ni mbalimbali. Jambo la kufahamu kwanza ni kwamba ukurasa mmoja huwa na nakala kadhaa. Nakala asili imo katika seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Nyingine imo katika faharasa ya Google. Nyingine tena huweza kuwamo katika simu ya msomaji, au katika mtambo ulio njiani kati ya simu na seva. Kubadilisha nakala asili hakubadilishi zile nyingine papo hapo.

Faharasa na msomaji wake

Mtu anapotafuta neno, Google haizunguki katika tovuti zote za dunia wakati huo. Hupekua faharasa iliyokwisha kutengenezwa, kama vile msomaji anavyofungua kurasa za mwisho za kitabu kutafuta neno lipo ukurasa gani. Faharasa hiyo hujazwa na programu iitwayo Googlebot, ambayo hufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kazi yake ina hatua tatu: kuigundua anwani, kuusoma ukurasa, kisha kuuingiza katika faharasa.

Tovuti mpya isiyounganishwa na tovuti nyingine yoyote huwa vigumu kugunduliwa. Hata ikigunduliwa, kusomwa kwake huweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa. Kwa hiyo uchunguzi wa kwanza ni kuandika maneno haya katika Google, mahali pa anwani ya mfano pakiwekwa anwani halisi:

```
site:shule.example
```

Ukurasa wowote ukionekana, tovuti imo katika faharasa, na tatizo ni cheo chake katika orodha ya majibu. Pasipoonekana kitu, hilo ni dalili tu, wala si hukumu, kwa kuwa njia hii haiorodheshi kila kilichomo. Jibu la hakika hupatikana katika huduma ya bure iitwayo Google Search Console, ambako mwenye tovuti, akiisha kuthibitisha umiliki wake, huuliza habari za anwani moja moja kwa chombo kiitwacho URL Inspection.

Kufuli mbili

Katika mfano wa shule hii, chombo hicho kilijibu kwamba ukurasa umeachwa kwa sababu ya alama ya `noindex`. Chanzo kilikuwa kidogo. Fundi, alipokuwa akijenga tovuti kwa WordPress, hakutaka kurasa zisizokamilika zionekane. Alitia alama katika kisanduku cha `Discourage search engines from indexing this site`, kilichomo katika sehemu ya `Settings`, kisha `Reading`. Kazi ilipokwisha, alisahau kuiondoa. Kwa ajili hiyo kila ukurasa ulibeba amri isiyoonekana kwa msomaji wa kawaida, ambayo kwa umbo lake la msingi huandikwa hivi:

```
<meta name="robots" content="noindex">
```

Alama katika kisanduku ikaondolewa. Hata hivyo wiki mbili zikapita pasipo badiliko. Hapo ndipo ilipoonekana kufuli ya pili, faili iitwayo `robots.txt`:

```
User-agent: *
Disallow: /
```

Mistari hii huziambia programu zote zisisome ukurasa wowote wa tovuti. Desturi ya faili hii ilipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994. Tofauti ya kufuli hizi mbili haina budi kueleweka vyema. `noindex` hukataza ukurasa usiingizwe katika faharasa. `robots.txt` hukataza ukurasa usisomwe. Programu iliyozuiwa kusoma haiwezi kujua kwamba `noindex` imekwisha kuondolewa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kuuficha ukurasa asitumie kufuli zote mbili pamoja, kwani amri ya `noindex` haitasomwa, na anwani yake huweza kuonekana katika majibu, bila maelezo yoyote chini yake, endapo tovuti nyingine imeielekeza.

Tarehe iliyopitwa

Tatizo la pili lahitaji swali jingine: tarehe ya zamani yaonekana wapi? Ikiwa imo katika maelezo mafupi ya orodha ya majibu, lakini ukurasa ukifunguliwa huonyesha Julai 15, basi faharasa ndiyo iliyochelewa. Mwenye tovuti aweza kuomba ukurasa usomwe tena kwa kubonyeza `Request Indexing` katika chombo kilichotajwa.

Lakini ikiwa ukurasa wenyewe, ukiisha kufunguka, ungali na Julai 8, Google haihusiki. Hapo ukurasa hufunguliwa katika dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halitumii nakala zilizowekwa zamani. Tarehe mpya ikionekana humo, nakala kuukuu ilikuwa katika simu. Ya zamani ikizidi kuonekana, huenda yatoka katika hifadhi ya kati au katika seva yenyewe. Amri hii huonyesha maelezo yanayoutangulia ukurasa:

```
curl -I https://shule.example/kuripoti
```

Tuseme miongoni mwa majibu imo mistari hii:

```
Cache-Control: max-age=604800
Age: 172800
```

Hesabu ni kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Hivyo nakala imeruhusiwa kutumika siku 7, nayo imekwisha kukaa siku 2 katika hifadhi ya kati. Simu itakayoipokea leo yaweza kuitumia siku 5 zaidi bila kuuliza seva. Mzazi aliyeupokea ukurasa siku moja kabla ya tarehe kubadilishwa hakudanganywa na mtu; simu yake ilitii kanuni iliyopewa.

Dawa ni kusafisha hifadhi ya kati, kisha kuupa ukurasa unaobadilika mara kwa mara kanuni hii:

```
Cache-Control: no-cache
```

Maana yake si kwamba nakala isiwekwe. Maana yake ni kwamba kabla ya kuitumia, simu iiulize seva kwanza. Kama hakuna badiliko, seva hujibu kwa namba 304, na ukurasa hautumwi upya. Picha na nembo zaweza kuachiwa siku nyingi.

Mpaka wa dawa hii ni mmoja: nakala zilizokwisha kufika katika simu za watu haziwezi kurudishwa na mwenye tovuti. Zitaisha muda wake, au msomaji mwenyewe ataufungua ukurasa upya. Hivyo kanuni hiyo yafaa iwekwe kabla tarehe haijatangazwa. Na ikiwa tarehe imekwisha kubadilika, wazazi wapelekewe habari kwa njia nyingine, walau kwa siku saba za kwanza.